Pakiti Mbili, Dawa Tatu: Namna ya Kuutambua Mchanganyiko Hatari katika Mtihani na Dirishani

Katika mitihani ya stashahada ya sayansi za famasia, swali la mwingiliano wa dawa humpa mtahiniwa michanganyiko minne na kumtaka achague ulio hatari zaidi. Mwanafunzi aliyekariri orodha ndefu ya dawa zisizopatana hukuta mara nyingi kwamba zaidi ya chaguo moja limo katika orodha yake. Hapo orodha haimsaidii tena, kwa kuwa hakuulizwa ni dawa zipi zinaingiliana. Ameulizwa ni mwingiliano upi unaoweza kumdhuru mgonjwa aliyetajwa, katika hali aliyotajwa nayo.

Makala haya yanachambua swali moja la aina hiyo, lililotungwa kwa mfano, kuanzia maelezo ya mgonjwa hadi jibu lake. Dawa zinazohusika ni za kawaida kabisa, na huulizwa kila siku katika maduka ya dawa ya Mnazi Mmoja na Kariakoo: dawa ya presha na dawa ya maumivu ya magoti.

Swali lenyewe

Mwanamke mwenye umri wa miaka 67 hufanya biashara ya vitenge katika soko la Kariakoo. Ana shinikizo la juu la damu, na kwa miaka minne amekuwa akimeza kila asubuhi kidonge kimoja chenye losatani miligramu 50 na haidroklorothiazidi miligramu 12.5. Magoti yanamuuma kwa sababu ya kusimama kutwa nzima. Kati ya michanganyiko ifuatayo, upi ulio hatari zaidi kwake?

A. Kidonge chake cha presha pamoja na parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku.

B. Kidonge chake cha presha pamoja na amlodipini miligramu 5 mara moja kwa siku.

C. Kidonge chake cha presha pamoja na diklofenaki miligramu 50 mara tatu kwa siku.

D. Kidonge chake cha presha pamoja na siprofloksasini, inayomezwa kwa wakati mmoja na dawa ya kiungulia yenye alumini na magnesi.

Jibu ni C. Wapo wanaolipata kwa kubahatisha, kwa kuwa wamesikia kwamba diklofenaki ni mbaya kwa wenye presha. Sababu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya jibu. Ni kweli kwamba dawa za jamii ya diklofenaki huweza kupandisha shinikizo la damu na kuzipunguzia nguvu dawa zinazolishusha. Hatari kubwa ya mchanganyiko huu, hata hivyo, iko kwenye figo, na haionekani mpaka mtahiniwa ahesabu dawa badala ya kuhesabu vidonge.

Kufungua pakiti kabla ya kufungua kitabu

Hatua ya kwanza ni kuandika viambato hai, kimoja kimoja, na kuyaacha majina ya biashara pembeni. Mgonjwa wa swali hili anameza kidonge kimoja cha presha, lakini ndani yake mna dawa mbili zenye kazi tofauti. Losatani huzuia kemikali ya mwili iitwayo angiotensini ya pili isifanye kazi ya kubana mishipa ya damu. Haidroklorothiazidi huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi kupitia mkojo. Diklofenaki ikiongezwa, dawa zinakuwa tatu, ingawa mezani kuna pakiti mbili tu.

Mtego huu ndio unaowaangusha watahiniwa wengi zaidi katika swali la namna hii. Mtunzi angeandika losatani, haidroklorothiazidi na diklofenaki katika mistari mitatu, wengi wangeshtuka. Anapozifunga mbili katika kidonge kimoja, jicho huona kitu kimoja. Dukani mtego huo haukuwekwa na mtu yeyote, ila upo vilevile, kwa kuwa vidonge mseto vya presha vimeenea sana, na vina manufaa yake: mgonjwa humeza vidonge vichache na hasahau kwa urahisi.

Dawa za maumivu nazo zina mseto wake. Viko vidonge vinavyounganisha diklofenaki na parasetamoli. Mgonjwa anayesema kwamba anatumia parasetamoli ya kuchanganywa huenda anameza diklofenaki bila kujua. Kwa hiyo mtoa dawa anaposikia jina la dawa, anahitaji bado kuiona pakiti na kusoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa.

Milango miwili ya chujio

Hatua ya pili ni kuuliza kila dawa inafanya kazi wapi mwilini, kisha kutazama zinakutana katika kiungo gani. Dawa tatu za swali hili hukutana kwenye chujio la figo.

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba ya damu lenye mshipa wa kuingilia upande mmoja na mshipa wa kutokea upande wa pili. Damu inapopita katika fundo hilo, msukumo wake hukamua maji na taka nje ya kuta za mishipa, kama vile mkono unavyokamua tui katika chujio la nazi. Mkono ukilegea, machicha hubaki na tui lake. Vivyo hivyo msukumo ukishuka ndani ya fundo, taka hubaki katika damu.

Mwili una njia mbili za kuulinda msukumo huo pale damu inapopungua, kwa mfano mtu anapotoka jasho jingi, anapoharisha au anapokosa maji. Njia ya kwanza ni kupanua mshipa wa kuingilia ili damu zaidi iingie. Kazi hiyo hufanywa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Njia ya pili ni kubana mshipa wa kutokea ili damu isitoke haraka. Kazi hiyo hufanywa na angiotensini ya pili. Mlango wa kuingilia ukifunguka na wa kutokea ukibanwa, msukumo wa katikati hubaki palepale hata kama damu inayofika ni kidogo.

Sasa dawa tatu za mgonjwa zinaweza kutazamwa kwa mfuatano. Haidroklorothiazidi hupunguza maji na chumvi mwilini, na hivyo kuifanya figo izitegemee zaidi zile njia mbili za kujilinda. Losatani huiondoa njia ya pili, kwani mshipa wa kutokea haubanwi tena kama ulivyokuwa ukibanwa. Figo bado ina njia ya kwanza, na kwa watu wengi hiyo inatosha. Ndiyo maana mama huyu ametumia kidonge chake kwa miaka minne bila tatizo. Diklofenaki inapoingia, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mshipa wa kuingilia unakosa kilichokuwa kikiupanua. Kinga zote mbili zimeondoka wakati uleule ambapo maji ya mwili yamepunguzwa. Msukumo unashuka na uchujaji unapungua. Mgonjwa anaweza kupata jeraha la ghafla la figo ndani ya siku chache.

Mchanganyiko huu ulipewa jina la pigo la mara tatu katika jarida la madaktari wa Australia mwaka 2000. Jina hilo linafaa kukumbukwa, mradi mtahiniwa aelewe kwamba halihusu losatani, haidroklorothiazidi na diklofenaki pekee. Mahali pa losatani panaweza kukaliwa na enalaprili, kaptoprili, lisinoprili au telmisatani. Mahali pa haidroklorothiazidi panaweza kukaliwa na furosemidi, na mahali pa diklofenaki na ibuprofeni, meloksikamu au indometasini. Mtunzi akibadilisha majina yote matatu, swali bado ni lilelile.

Ukubwa wa hatari

Neno hatari lisipopimwa linaweza kumtisha mgonjwa bila sababu, au likazoeleka hadi likapuuzwa. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 487,000 wa Uingereza waliokuwa wakitumia dawa za shinikizo la damu. Watafiti waliwachunguza waliotumia dawa mbili, yaani dawa ya maumivu pamoja na moja kati ya zile za presha, na waliotumia zote tatu. Kwa dawa mbili hawakuona ongezeko la jumla la jeraha la ghafla la figo. Kwa dawa tatu, kiwango cha jeraha hilo kilikuwa juu kwa asilimia 31. Katika siku 30 za mwanzo za kutumia zote tatu, kilikuwa juu kwa asilimia 82.

Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, jeraha lenyewe halikuwa la kawaida: katika kundi zima, lilitokea kwa takriban watu 7 katika kila watu 10,000 kwa mwaka. Kwa hiyo wengi wanaotumia dawa hizo tatu hawapati madhara hayo, na mtoa dawa hapaswi kumwambia mteja kwamba figo zake lazima ziharibike. Pili, hatari ni kubwa zaidi mwanzoni. Swali la lini dawa ya maumivu ilianza kutumika lina uzito sawa na swali la dawa ipi.

Wastani wa kundi kubwa, hata hivyo, hauwagawii watu wote hatari sawa. Umri mkubwa, kisukari, ugonjwa wa figo wa awali, moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri na upungufu wa maji humsogeza mgonjwa karibu na ukingo. Mama wa swali letu ana miaka 67 na hushinda katika joto la Kariakoo, pengine akinywa maji kidogo ili asilazimike kuacha meza yake ya biashara. Mtunzi makini haandiki umri na kazi ya mgonjwa kwa kujaza nafasi. Ndiyo sehemu ya swali inayopaswa kusomwa mara mbili.

Kwa nini machaguo mengine si jibu

Mtahiniwa hajamaliza kazi mpaka aweze kueleza makosa ya kila chaguo aliloliacha.

Chaguo A halina mwingiliano wa kutia wasiwasi. Parasetamoli gramu 1 mara tatu kwa siku ni gramu 3, chini ya kikomo cha gramu 4 kwa mtu mzima. Kikomo hicho hushushwa kwa mtu mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi, lakini swali halikutaja lolote kati ya hayo. Kwa figo za mgonjwa huyu, parasetamoli ni salama zaidi kuliko diklofenaki. Kwa maumivu ya magoti huenda isitoshe, na hilo linahitaji kusemwa waziwazi.

Chaguo B linawatega wanaofikiri kwamba dawa mbili zenye kazi moja ni kosa wakati wote. Amlodipini hushusha shinikizo la damu, na kidonge cha mgonjwa nacho hulishusha. Lakini hapo ndipo daktari alipotaka kufika. Dawa hizi hutumiwa pamoja kwa makusudi pale dawa za awali zisipotosha. Madhara ya kuangaliwa ni kizunguzungu na kuvimba vifundo vya miguu. Yote mawili huonekana kwa macho au husemwa na mgonjwa mwenyewe, na hivyo hurekebishwa mapema.

Chaguo D ndilo linalowakamata waliosoma vizuri. Ni kweli kabisa kwamba alumini na magnesi hushikana na siprofloksasini tumboni na kuizuia isiingie katika damu. Mwingiliano upo, umethibitishwa, na unaweza kuyafanya maambukizi yasipone. Lakini unaondolewa kwa saa ya ukutani: siprofloksasini imezwe angalau saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia, au saa 6 baada yake. Mwingiliano unaokwisha kwa kupanga muda haulingani na unaoendelea muda wote dawa zote zikiwa mwilini. Kutenganisha diklofenaki na kidonge cha presha kwa saa chache hakumsaidii mama huyu, kwa kuwa dawa hizo hazikutani tumboni. Kila moja huendelea kufanya kazi yake kwenye figo.

Kutokana na machaguo hayo mtahiniwa anapata kipimo anachoweza kukitumia katika swali lolote la namna hii. Anajiuliza kwanza dawa zinakutana katika kiungo gani. Kisha anajiuliza kama kukutana huko kunaweza kuzuiwa kwa kupanga muda au kipimo. Mwisho anajiuliza kama madhara yatatoa ishara mapema ili mgonjwa aache kabla hajaumia. Mchanganyiko unaogusa kiungo muhimu, usiotatuliwa kwa kupanga muda, na unaodhuru kimyakimya, ndio jibu.

Madhara yasiyopiga kelele

Jeraha la ghafla la figo mara nyingi huanza bila maumivu. Mgonjwa anaweza kuona mkojo umepungua, miguu imevimba, uchovu umezidi au kichefuchefu kimeanza. Anaweza pia asione lolote. Kipimo kinacholitambua ni kreatinini, taka ya misuli ambayo figo nzima huiondoa katika damu. Uchujaji ukipungua, kreatinini hupanda.

Tuseme kreatinini ya mama huyu ilikuwa mikromoli 88 kwa lita kabla ya kuanza diklofenaki. Baada ya siku tano za dawa hiyo inapimwa tena na kukutwa 140. Ukigawa 140 kwa 88 unapata karibu 1.6. Kwa vigezo vinavyotumika kimataifa, kreatinini inayofika mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku saba ni jeraha la ghafla la figo. Mgonjwa huyu amevuka mstari huo. Anapaswa kuacha diklofenaki na kuonwa na daktari siku hiyohiyo, naye ndiye atakayeamua kuhusu kidonge cha presha na kuagiza kipimo cha potasiamu. Losatani na diklofenaki kwa pamoja huweza kupandisha potasiamu, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Lakini tuseme majibu yangekuwa 105, wiki mbili baada ya daktari kumwanzishia losatani, na hakuna diklofenaki. Hapo ongezeko ni kama asilimia 19. Kupanda kidogo kwa kreatinini baada ya kuanza dawa za jamii hiyo ni jambo linalotarajiwa, na kwa kawaida ongezeko lisilozidi asilimia 30 halitoshi kumfanya mgonjwa aachishwe dawa inayomlinda. Tofauti kati ya 105 na 140 si ya tarakimu pekee. Moja inaonyesha figo iliyozoea hali mpya, nyingine figo iliyoishiwa njia za kujilinda. Habari njema ni kwamba jeraha hili likigunduliwa mapema na dawa iliyolisababisha ikaachwa, mara nyingi figo hurudia hali yake.

Pale swali linaposemwa kwa Kiswahili

Mtihani huandikwa kwa Kiingereza na kuzipanga dawa katika jamii zake. Anayefika dirishani hasemi hivyo. Husema ana dawa ya presha, dawa ya maji na dawa ya viungo. Mara nyingi si mgonjwa mwenyewe, bali mtoto wake aliyetumwa. Katika duka moja la mfano kando ya Mtaa wa Lumumba, mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Karibu dada."

"Asante kaka. Naomba diklofenaki za magoti, za mama."

"Pole naye. Mama ana umri gani? Na kuna dawa nyingine anayotumia kila siku?"

"Ana sitini na kitu. Hana dawa nyingine. Ni hiyo ya presha tu, kimoja asubuhi."

"Sawa. Pakiti yake unayo, au unaweza kumpigia simu akusomee jina lililoandikwa?"

Neno la kuangaliwa hapo ni *tu*. Kwa binti huyu, dawa ya presha iliyotumiwa miaka minne imekwisha kuwa sehemu ya chakula cha asubuhi, wala haihesabiki kuwa dawa. Mtoa dawa angeuliza swali moja la jumla na kuridhika na jibu la kwanza, angeuza pigo la mara tatu kwa nia njema kabisa. Kuomba pakiti au jina lililoandikwa ndiko kunakofichua losatani na haidroklorothiazidi.

Baada ya kujua, mtoa dawa ana kazi ya kumpa mgonjwa kitu badala ya kumnyima tu. Anaweza kumpa parasetamoli kwa kipimo sahihi. Anaweza kumpa diklofenaki ya kupaka, kwa kuwa sehemu ndogo tu ya dawa hupenya ngozi na kuingia katika damu ikilinganishwa na kidonge. Hata hiyo isipakwe mwili mzima, wala isiunganishwe na kidonge cha jamii hiyohiyo. Maumivu yakiendelea, mama aende kwa daktari aliyemwandikia dawa ya presha, akiwa na pakiti zake zote mkononi. Daktari anaweza kubadilisha dawa moja kati ya zile tatu. Akiona hapana budi kuzitumia zote kwa muda mfupi, atapanga kupima kreatinini na potasiamu.

Jambo moja halipaswi kusemwa dirishani kwa hali yoyote: kwamba mama aache dawa ya presha kwanza ili ameze ya magoti. Presha ikiachwa bila dawa inaweza kuleta kiharusi. Vilevile, mgonjwa aliyeandikiwa aspirini ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo asiiache kwa kuogopa makala haya. Kipimo hicho kidogo hakihesabiwi sawa na diklofenaki ya kutuliza maumivu katika jambo hili.

Swali linapogeuzwa kidogo

Mtunzi anaweza kuongeza sentensi moja: mgonjwa ameharisha na kutapika kwa siku mbili. Sasa hata kabla diklofenaki haijatajwa, kidonge cha presha peke yake kinahitaji kutazamwa upya, kwa kuwa haidroklorothiazidi inaendelea kutoa maji katika mwili ambao tayari umepungukiwa, na losatani imekwisha iondolea figo kinga moja. Jibu sahihi la mtahiniwa ni kumpa mgonjwa maji ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kutompa kabisa dawa ya jamii ya diklofenaki, na kumpeleka au kumpigia simu daktari wake siku hiyo ili aamue kama kidonge cha presha kisimamishwe kwa muda. Uamuzi wa kukisimamisha na kukirudisha si wa mtoa dawa peke yake, wala si wa mgonjwa.

Mgonjwa aliyekwisha pata madhara naye ana nafasi yake katika mtihani. Mtahiniwa huulizwa afanye nini baada ya kumpeleka hospitalini, na wengi huishia hapo. Hatua inayobaki ni taarifa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya kupitia Fomu ya Njano. Mwandishi wa taarifa hahitaji kuwa na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Shaka yenye sababu inatosha.

Kwa mwingiliano wa dawa, sehemu ya fomu inayoamua thamani ya taarifa ni ile ya dawa nyingine zilizotumika pamoja. Taarifa inayosema diklofenaki peke yake iliumiza figo itawapotosha wasomaji wake. Taarifa inayoorodhesha diklofenaki, losatani na haidroklorothiazidi, kila moja na kipimo chake, tarehe iliyoanza na tarehe iliyoachwa, pamoja na kreatinini ya 88 na ya 140, inamwezesha anayeisoma ofisini kuona kile ambacho binti aliyetumwa dukani hakukiona: kwamba katika pakiti mbili mlikuwa na dawa tatu.